Kusoma mchoro wa umeme wa nyumba na kugundua swichi iliyokaa pabaya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanaletwa zaidi na wenye nyumba za Kigoma mjini wanaojenga kidogo kidogo, na vijana walio kwenye mafunzo ya ufundi umeme. Mengi yanaishia kwenye jambo moja: swichi inayozima taa vizuri kabisa, lakini imekaa kwenye waya usio wake. Kwa hiyo sehemu kubwa ya majibu iko hapo.

Fundi amenipa karatasi mbili na zote anaziita ramani ya umeme. Nianze na ipi?

Anza na ile yenye kuta, milango na madirisha. Hiyo inakuonyesha vitu vinakaa wapi: taa dari ya sebule, swichi kando ya mlango, soketi chini ya dirisha. Karatasi ya pili haina kuta. Ina mistari tu inayotoka kwenye breka, inapita kwenye swichi na taa, halafu inarudi. Hiyo ndiyo inayokuonyesha waya upi unaingia wapi.

Ukipewa ile ya kuta peke yake, omba na ya pili. Ya kwanza haiwezi kukuambia kama swichi imekatia laivu, yaani waya unaoleta moto, au nyutro, yaani waya wa kuurudisha, hata uitazame mwaka mzima, kwa sababu mstari unaounganisha swichi na taa pale ni wa kuonyesha tu kwamba "hii inawasha ile". Mafundi wengi hawaichori ya pili kwa kuwa wanayo kichwani. Kwa nyumba ya vyumba viwili au vitatu kuichora ni kazi ndogo, na siku ukimwita fundi mwingine ndiyo itakayomwokolea muda.

Alama zake zinasomwaje?

Taa ni duara lenye msalaba ndani. Swichi ni kiduara kidogo chenye mstari ulioinama, na mstari huo una kijikato mwishoni. Ukiona mistari miwili inatoka pande mbili za kiduara, hiyo ni swichi ya tu-wei, ile ya korido au ngazi. Soketi ni nusu duara lenye mstari mgongoni. Soketi dabo huandikwa 2 pembeni. Mstari wa vidoti unaopinda kutoka swichi hadi taa unaonyesha swichi ipi inatawala taa ipi.

Hata hivyo kila mchoraji ana mkono wake. Tafuta kwanza kijisanduku cha ufunguo wa alama kwenye kona ya karatasi, na kikitofautiana na nilivyoandika hapa, fuata hicho.

Kwenye ramani ya kuta, ni kosa gani la swichi naweza kuliona mwenyewe?

Tazama milango. Mlango huchorwa na tao linaloonyesha unakofungukia. Swichi ikiwa imechorwa upande wa bawaba, ndani ya tao, ujue ukiingia usiku utalazimika kuzunguka mlango ndipo uipapase. Inatakiwa iwe upande wa kitasa. Kosa hili mara nyingi si la fundi umeme: ramani ilichorwa mlango ukifungukia kushoto, seremala akaja akaufunga kulia.

Swichi ya bafuni nayo iwe nje ya mlango, isiwe ndani karibu na maji. Baada ya hapo fuata kila mstari wa vidoti kwa kidole. Taa isiyo na mstari haina swichi, na swichi isiyo na mstari haina kazi.

Na ule mchoro wa mistari mitupu, nausoma vipi?

Weka kidole kwenye breka ya taa. Kwa nyumba zetu nyingi ni breka ya ampea 6 au 10, na waya wake ni wa 1.5. Fuata laivu, ambayo kwa kawaida huchorwa nyekundu au kahawia, ukiuliza swali moja tu: nakutana na nini kwanza, swichi au taa?

```
Sahihi:  breka -> swichi -> taa -> nyutro
Kosa:    breka -> taa -> swichi -> nyutro
```

Ukikutana na swichi kwanza, uko salama. Kutoka kwenye taa kwenda kwenye mhimili wa nyutro pasiwe na kitu chochote kinachokata njia. Mistari yote miwili hapo juu inawasha na kuzima taa, na ndiyo maana kosa hili linaweza kukaa ndani ya nyumba miaka kumi bila mtu kulijua.

Laivu inagawanyika kwenda taa nyingi, kwa hiyo usifuate mara moja ukaridhika. Rudi kwenye breka, ufuate tena kwa kila taa peke yake.

Tupe mfano wa nyumba yenyewe.

Tuchukue nyumba ya Gungu: sebule, vyumba viwili, jiko, na baraza mbele. Mpangaji alizima swichi ya taa ya baraza, akapanda stuli kubadilisha balbu, akapigwa shoti. Mwenye nyumba alikuwa na hakika swichi imekufa. Haikuwa imekufa. Ukiipima yenyewe, inakata na kuunga sawasawa.

Mchoro wa kwanza wa nyumba ile ulikuwa na taa nne tu, kwa sababu baraza iliongezwa baadaye. Ukifuata laivu kwa taa ya sebule: breka, swichi ya sebule, taa, nyutro. Vyumba viwili na jiko ni hivyohivyo. Ila mtu aliyeongeza baraza hakurudi kwenye breka. Alipanda darini, akafungua boksi la taa ya sebule ambamo laivu na nyutro zote zinapita kwenda kwingine, akachukua umeme hapo.

Ndani ya boksi lile kuna fungu la nyaya nyekundu lenye moto muda wote na fungu la nyeusi ambalo ni nyutro. Alivuta nyekundu moja hadi holda ya baraza moja kwa moja. Upande wa pili wa holda akatoa waya ukashuka kwenye swichi, na kutoka kwenye swichi waya mwingine ukapanda kurudi kwenye fungu la nyeusi. Taa ikawaka, ikazimika, akalipwa.

Sasa lichore hilo kwenye karatasi uweke kidole. Breka, fungu la nyekundu, taa ya baraza, swichi, fungu la nyeusi. Umekutana na taa kabla ya swichi. Kati ya taa zote tano ni hiyo moja tu iliyogeuka, na usingeijua kwa kuzijaribu kuwaka. Kalamu na karatasi viliionyesha kabla hata ngazi haijasogezwa.

Kwa uzoefu wangu, taa iliyoongezwa baadaye ndiyo ya kushuku kwanza: baraza, choo cha nje, taa ya usalama ukutani. Zile za mwanzo huwa zimefungwa na mtu mmoja kwa mpangilio mmoja.

Taa inazimika, sasa ubaya uko wapi?

Swichi ikiwa kwenye nyutro, ukizima unafunga njia ya kurudi tu. Moto wa volti 230 bado umefika kwenye holda na umekaa pale unasubiri. Balbu ikiwa imefungwa, moto unapita ndani yake na kufika hata upande wa pili wa holda, hadi kwenye swichi. Anayegusa pini ya holda akiwa amesimama kwenye sakafu ya saruji iliyolowa anakuwa yeye ndiyo njia ya kurudi.

Baraza ni mahali pabaya zaidi kwa hili. Mvua za huku zinaanza kuelekea mwisho wa mwaka na kwenda hadi Aprili au Mei, sakafu inaloa, na mtu anatoka ndani peku kubadilisha balbu.

Breka si ingeanguka?

Hapana. Breka inaangalia wingi wa umeme unaopita, na wingi huo haubadiliki swichi ikiwa mbele ya taa au nyuma yake. Kile kifaa cha kukata umeme unaovuja kwenda ardhini, kama nyumba inacho na kinafanya kazi, nacho kitatulia hadi siku mtu atakapogusa. Hapo ndipo kitakata. Ni vizuri kuwa nacho, lakini hakikuonyeshi kosa mapema.

Nyumba yangu haina mchoro wowote. Nitajuaje swichi imekaa kwenye waya gani?

Hapa kazi ni ya fundi mwenye leseni ya EWURA, maana inafanywa moto ukiwepo. Ila ukijua anachotakiwa kufanya, utajua kama amekifanya.

Kwanza anathibitisha ethi, ule waya unaokwenda ardhini. Anapima kwenye soketi, kati ya tundu la laivu na la ethi, na mita isome karibu na 230. Ikisoma sifuri au namba ndogo ya ajabu, ethi ya nyumba ni ya jina tu, au laivu na nyutro zimegeuzwa, na vipimo vinavyofuata vitamdanganya. Hilo litengenezwe kwanza.

Pili anazima swichi ya taa inayoshukiwa na kuitoa balbu. Anaacha breka imewashwa. Halafu anapima kila pini ya holda dhidi ya ethi, akivuta waya mrefu kutoka kwenye ethi ya soketi kama holda iko mbali. Swichi iliyokaa sawa itampa sifuri, au karibu yake, kwenye pini zote mbili. Iliyokaa kwenye nyutro itampa karibu 230 kwenye pini moja.

Hapa wengi hujikwaa: wanapima pini kwa pini badala ya pini kwa ethi. Swichi ikiwa imezimwa, pini kwa pini haisomi kitu cha maana hata pale penye kosa, kwa sababu upande wa pili umekatwa na unaning'inia. Mtu anasoma hivyo, anasema "hakuna umeme", anaingiza kidole.

Siwezi kuifikia holda, iko juu sana. Kupima kwenye swichi haitoshi?

Inatosha, kwa sharti kwamba balbu imetolewa, kwa hiyo mtu lazima apande mara moja. Balbu ikiwa mahali pake, swichi sahihi na swichi yenye kosa zinaweza kufanana kabisa: katika zote mbili, ukizima, kiungio kimoja kina moto na kingine hakina. Kwa swichi sahihi moto huo umetoka kwenye breka. Kwa yenye kosa umetoka kwenye taa, umepita ndani ya balbu ukashuka.

Toa balbu na tofauti inajitokeza. Swichi sahihi bado ina moto kwenye kiungio kimoja. Swichi iliyo kwenye nyutro haina moto popote, ingawa breka imewashwa na taa nyingine zinawaka.

Testa ya bisibisi inafaa kwa kazi hii?

Kwa kushuku, ndiyo. Kwa kuamua, hapana. Kile kitaa chake kinawaka kwa umeme mdogo sana, kwa hiyo waya uliolala sambamba na wenye moto ndani ya paipu moja unaweza kukiwasha kidogo. Na mtu aliyesimama juu ya ngazi ya mbao kavu na viatu vya mpira anaweza kugusa moto wa kweli asione kitu. Tumia mita au testa ya miguu miwili.

Nimefungua swichi nikakuta waya mmoja mwekundu na mwingine mweusi. Huo mweusi si nyutro?

Si lazima. Swichi ya kawaida ya taa inahitaji nyaya mbili: moja inaleta moto, nyingine inaupeleka kwenye taa swichi ikiwashwa. Zote mbili ni za upande wa laivu. Fundi aliyekuwa na kebo ya nyekundu na nyeusi ameutumia mweusi kupeleka moto kwenye taa, na alitakiwa auzungushie tepu nyekundu kwenye ncha zote mbili. Tepu haipo kwa sababu alisahau, au ilidondoka kwa joto.

Kwa hiyo rangi inakupa shaka tu. Nyaya mbili nyekundu kwenye swichi nazo si uthibitisho wa usalama, maana zinaweza kuwa zimeungwa kwenye nyutro huko darini. Kipimo cha balbu iliyotolewa ndicho kinachoamua.

Balbu yangu ya kisasa, ile iliyoandikwa LED, inabaki na mwanga hafifu nikizima. Ni kosa hilihili?

Huenda. Balbu hizi zinawaka kwa umeme kidogo mno, na swichi ikiwa kwenye nyutro balbu nzima inabaki na moto unaonyonyea kidogo kidogo kwenye nyaya na ukuta. Lakini mwanga huohuo unaletwa pia na swichi zenye kitaa cha kuonyesha zilipo gizani, au nyaya ndefu zilizolala pamoja. Pima kabla hujamlaumu mtu.

Swichi mbili za korido zinawasha taa moja. Kanuni ya kidole inafanya kazi hapo?

Inafanya kazi, na ni muhimu zaidi. Swichi ya tu-wei ina viungio vitatu, COM, L1 na L2. Kwa mpangilio sahihi, laivu inaingia COM ya swichi ya kwanza, nyaya mbili zinaunga L1 na L2 za swichi zote, na COM ya swichi ya pili inakwenda kwenye taa. Nyutro inakwenda kwenye taa moja kwa moja na haigusi swichi yoyote.

Kuna mpangilio wa zamani wa kubana matumizi ya waya ambao bado unakutwa: kila swichi inapewa laivu na nyutro kwenye L1 na L2, na taa inawekwa kati ya zile COM mbili. Taa inawaka na kuzima kutoka pande zote. Kasoro ni kwamba kuna mikao miwili ya kuzima. Katika mmoja pande zote za taa ziko kwenye nyutro. Katika mwingine pande zote ziko kwenye laivu, holda nzima ina moto na taa imezimwa. Tena ndani ya swichi moja laivu na nyutro zinakaa milimita chache tu kati yao. Kwenye mchoro unaiona mara moja: mstari wa nyutro unaingia kwenye alama ya swichi. Ukikuta hivyo, paondolewe pote.

Soketi yangu inazimika nikizima taa ya chumbani.

Soketi hiyo imechukua moto kwenye waya unaotoka swichi kwenda taa. Kwenye mchoro utaona mstari wake unaanzia baada ya swichi. Na kwa kuwa uko upande wa taa, ujue pia inategemea waya wa 1.5 na breka ya taa, wakati soketi zinatakiwa ziwe na njia yake: waya wa 2.5, breka ya 20 kwa njia inayokwenda bila kurudi, au ya 32 kwa ile inayozunguka na kurudi kwenye breka ileile. Kuchaji simu hapo utaweza. Pasi itaungana na taa zote kuilemea breka ile ndogo.

Tumepima na kila swichi ya nyumba imefeli. Fundi alikosea zote?

Ni nadra. Kosa la namna hiyo kwa kawaida liko kabla ya swichi zote: laivu na nyutro zimegeuzwa zinapoingia kwenye meini swichi au kabla yake, pengine baada ya matengenezo ya waya zilizokatika kwa upepo. Mchoro wa ndani unaweza kuwa sahihi kabisa na nyumba ikawa mbovu.

Hakikisha kwa soketi. Ukiitazama uso kwa uso, tundu la ethi likiwa juu, laivu iko kulia na nyutro kushoto. Pima kila moja dhidi ya ethi. Kama upande wa kushoto ndio wenye 230 kwenye soketi zote, usiguse swichi hata moja. Kama kugeuka kuko upande wa mita ya LUKU au nje, hapo si pa fundi wako. Toa taarifa TANESCO.

Kurekebisha swichi moja iliyokaa kwenye nyutro kunahitaji kubomoa ukuta?

Kwa kawaida hapana, na usikubali bei ya kubomoa kabla boksi la darini halijafunguliwa. Nyaya mbili za swichi tayari zimeshuka ndani ya ukuta. Kilichokosewa ni mahali zilipofungwa juu.

Kwa ile baraza ya Gungu, meini swichi ilizimwa, ikapimwa kuhakikisha hakuna moto, kisha ncha mbili zikabadilishana nafasi. Waya wa swichi uliokuwa kwenye fungu la nyeusi ukahamia kwenye fungu la nyekundu. Waya wa holda uliokuwa kwenye nyekundu ukahamia kwenye nyeusi. Ule wa tatu, unaounganisha swichi na holda, haukuguswa. Nyaya za swichi ambazo ni nyeusi zizungushiwe tepu nyekundu juu na chini, na ule wa holda ulio sasa kwenye nyutro, kama ni mwekundu, uzungushiwe nyeusi.

Kama holda ni ya kuzungusha balbu, kuna hatua moja ya ziada: waya unaotoka kwenye swichi uishie kwenye kile kiungio cha katikati chini ya holda, na nyutro iende kwenye pete yenye mizingo, kwa sababu pete ndiyo vidole vinavyoigusa wakati wa kufunga balbu. Holda ya pini haina tofauti hiyo. Kisha meini swichi inawashwa, swichi inazimwa, balbu ikiwa bado imetolewa, na pini zinapimwa tena dhidi ya ethi.